Fahamu: Dakika za GitHub huishia wapi?

Tangu Aprili 2020, mpango wa bure wa GitHub unaruhusu hazina za faragha na washirika bila kikomo. Kinachobana sasa ni dakika za mitambo inayojenga na kujaribu msimbo: 2,000 kwa mwezi kwa hazina za faragha. Hazina za wazi hazikatwi dakika kwenye mitambo ya kawaida.

Kila kazi huhesabiwa peke yake, na sekunde zinazozidi hufanywa dakika nzima. Tuseme kila msimbo unapotumwa huamsha kazi tatu za Linux, kila moja sekunde 65. Zinakatwa dakika sita. Timu ikituma mara 20 kwa siku, mgao unaisha siku ya 17. Ukiziunganisha kuwa kazi moja ya sekunde 195, zinakatwa dakika nne, na mgao unafika siku ya 25. Jaribu hilo kwanza kabla ya kulipia mpango wa Team, wenye dakika 3,000.

Mbali na dakika, hifadhi ya vifurushi vya faragha nayo ina kikomo: megabaiti 500 bure, gigabaiti 2 kwa Team. Mabaki ya ujenzi nayo hula nafasi hiyo, na kwa kawaida hukaa siku 90. Punguza muda huo.