Namba za Kigae cha Forodhani

Ukifungua ramani kwenye simu huletewi picha moja kubwa, bali vigae vya mraba, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, vikipangwa bega kwa bega. Kila kigae kina namba tatu: kiwango cha kukuza, x na y. Katika kiwango 0 dunia nzima ni kigae kimoja, na kila ukipanda ngazi kila kigae hugawanyika kuwa vinne. Kwa hiyo kiwango cha 12 kina safu 4096 kila upande.

Tuchukue Forodhani, Unguja: latitudo karibu -6.162, longitudo karibu 39.188.

Longitudo ni rahisi. Ongeza 180 ili kuhesabu kutoka ukingo wa magharibi, gawanya kwa 360, zidisha kwa 4096. Unapata 2493.87, ondoa desimali, x ni 2493.

Latitudo ina kazi zaidi, kwa kuwa ramani hizi hufuata mchoro wa Mercator, unaozidi kunyoosha nchi kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Ncha zenyewe haziwezi kuchorwa, ndiyo maana vigae hukomea nyuzi 85.0511. Hesabu yake ni hii, na latitudo lazima kwanza igeuzwe kuwa radiani:

```
y = (1 - asinh(tan(lat)) / pi) / 2 * 4096
```

Jibu ni 2118.25, hivyo y ni 2118. Kigae chetu kinaitwa `12/2493/2118`.

Kurudi nyuma ndiko kunakowakwaza wengi:

```
lon = x / 4096 * 360 - 180
lat = atan(sinh(pi * (1 - 2 * y / 4096)))
```

Latitudo hutoka katika radiani, uigeuze kuwa nyuzi. Tukiweka 2493 na 2118 tunapata 39.1113 na -6.1406, mahali palipo baharini, kilomita zaidi ya nane magharibi ya Forodhani! Hesabu haijakosea. Zile desimali tulizoondoa ndizo zilizobeba nafasi yetu ndani ya kigae, na fomula hurudisha kona yake ya kaskazini-magharibi tu. Ukitaka katikati ya kigae, ongeza 0.5 kwenye x na y kabla ya kukokotoa. Ukitaka Forodhani yenyewe, hifadhi desimali: .87 mara 256 ni takriban pikseli ya 223 kutoka kushoto.

Ramani ikikupeleka pengine kabisa, mahali ulipoangukia hukuambia kosa. Ukijikuta magharibi mwa Uhispania, umebadilishana latitudo na longitudo. Ukijikuta kusini mwa Ethiopia, huenda umesahau alama ya kutoa, au mfumo unaotumia huhesabu y kutoka kusini, kama ufanyavyo ule uitwao TMS. Hapo y ya Forodhani ni 4095 kutoa 2118, yaani 1977.