Kufuta Jina Hakumfichi Mwenye Posti

Septemba 2008, wanasosholojia kadhaa wa Marekani waliweka hadharani data waliyoivuna Facebook kuhusu darasa zima la wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja. Walikuwa wanafunzi wapatao 1,700: nani ni rafiki wa nani, nani anatoka wapi, anasomea nini. Chuo hakikutajwa. Majina na namba za wanafunzi yaliondolewa, na aliyetaka kuipakua data hiyo alipaswa kwanza kukubali masharti, likiwemo la kutojaribu kumtambua mtu yeyote. Facebook iliruhusu, chuo kiliruhusu, kamati ya maadili ya utafiti ilipitisha. Wanafunzi wenyewe hawakuulizwa.

Siku chache baadaye chuo kilijulikana. Michael Zimmer, mtafiti wa masuala ya faragha, hata hakuigusa data yenyewe. Alisoma tu maelezo yaliyoambatana nayo pamoja na yale ambayo watafiti walikuwa wamekwisha kuyasema hadharani. Maelezo yalitaja ukubwa wa darasa, na vyuo binafsi vyenye darasa la idadi hiyo ni vichache. Yalitaja pia majina ya masomo, na baadhi ya majina hayo hayakutumika kwingine ila Harvard. Utaratibu wa wanafunzi kujichagulia kikundi cha marafiki wa kuishi nao kuanzia mwaka wa pili ukaondoa shaka iliyobaki.

Chuo kikishajulikana, yaliyobaki ni mepesi. Kwa baadhi ya mataifa, darasa lile lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu. Ukijua nchi yake, huhitaji jina lake: uliza mtu yeyote aliyesoma Harvard miaka ile. Ukishampata, unapata na orodha ya marafiki zake. Data ikaondolewa mtandaoni.

Watafiti walijitetea kwamba taarifa hizo zilikuwa tayari ziko Facebook. Hoja hii naikuta mpaka leo kwenye maombi ya utafiti, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwaka 2006, data ile ilipoanza kukusanywa, Facebook ilikuwa imegawanywa kwa vyuo, na mtu aliweza kuandika mambo yaonwe na wanachuo wenzake tu. Walioajiriwa kuivuna data walikuwa wanafunzi wa chuo hichohicho. Kwa hiyo waliona kurasa ambazo mgeni asingeziona, wakazitoa nje ya uzio ambao wenye kurasa hizo walikuwa wameuweka. Mwanafunzi aliyewafungulia wenzake mlango hakuwa ameufungulia ulimwengu. Na hata yule aliyeacha kila kitu wazi alikuwa akiongea na marafiki zake. Kumwona si sawa na kuwa na ruhusa ya kumchukua, kumhifadhi na kumgawa kwa watu asiowajua.

Tangu hapo watafiti wengi wamejifunza kuficha chuo, mji na tarehe. Kitu ambacho bado kinawaponyoka ni maneno yenyewe. Mwaka 2018 John Ayers na wenzake walipitia makala za kisayansi zilizotumia data ya Twitter. Takribani asilimia 72 zilinukuu angalau posti moja neno kwa neno, na walipozitafuta nukuu hizo mtandaoni, katika asilimia 84 ya makala hizo waliweza kumfikia angalau mwandishi mmoja. Hawakuhitaji utaalamu wowote: waliinakili sentensi, wakaitafuta.

Kwa Kiswahili hatari hii ni kubwa zaidi. Posti za Kiswahili ni chache kuliko za Kiingereza, na lahaja inapunguza zaidi duru ya watu wanaoweza kuwa wameandika. Chukua mfano huu niliotunga. Mtafiti wa matumizi ya dawa za kupunguza makali ya VVU ananukuu: “Mie dawa nnakunywa saa tatu usiku, mwenzangu hajui, nnazitia ndani ya mkoba wa cherehani.” Chini yake anaandika: mwanamke, umri wa miaka 30 na kitu, Pemba. Jina hakulitaja, na anaamini amemlinda. Lakini hata kama posti ilishafutwa na mashine ya kutafutia haioni kitu, msomaji wa Pemba anaisikia sauti ya kwao, anaona kuna mume, kuna usiri, kuna mtu anayeshona. Wanawake wa aina hiyo anaowafahamu huenda hawazidi watano. Anayeelekea zaidi kuigundua siri hii si mgeni wa mbali bali jirani.

Tiba ya hatari hii ni kuandika upya, na ni kazi ya mikono. Mtafiti anaeleza kwa maneno yake: mwanamke mmoja alisema anameza dawa kwa siri na kuzificha ili mumewe asizione. Saa imeondoka, mkoba umeondoka, lahaja imeondoka. Kisha anaijaribu sentensi mpya, na vipande vyake, kwenye mashine ya kutafutia na kwenye kisanduku cha kutafutia cha mtandao husika. Ikimrudisha kwa mwandishi, anaandika tena. Kama makala ni ya Kiingereza, tafsiri ya nukuu nayo airudishe kwa Kiswahili aitafute, kwa sababu tafsiri ya moja kwa moja hurudi karibu na maneno ya awali. Annette Markham alikwenda mbali zaidi mwaka 2012: alipendekeza mtafiti achanganye visa vya watu kadhaa kuwa kisa kimoja. Wapo wanaoliita hilo uzushi. Mimi naona linafaa kwa mambo ya afya na usalama, mradi msomaji aambiwe wazi kwamba kisa kimechanganywa. Gharama yake ni ya kweli: mwanaisimu anayechunguza lahaja yenyewe hawezi kuifuta lahaja. Huyo hana budi kuomba ridhaa.

Kuomba ridhaa nako kuna mitego yake. Ujumbe unaosema “Tunafanya utafiti kuhusu watu wanaoishi na VVU, tumeona posti yako” unaweza kutokea kwenye kioo cha simu ambayo mume ndiye ameishika. Ujumbe wa kwanza basi usitaje mada. Umtambulishe mtafiti na taasisi yake, uulize kama mhusika yuko tayari kuelezwa zaidi. Asiyejibu hajakubali. Na kwa mtafiti anayehesabu maneno katika posti 50,000, kumwandikia kila mmoja haiwezekani. Hapo naridhika akitoa hesabu za jumla bila nukuu, ila faili lenye posti zenyewe abaki nalo chini ya ulinzi, asiliweke mtandaoni. Watafiti wa Twitter walikuwa na desturi ya kugawa namba za posti tu badala ya maandishi, ili anayezichukua baadaye azikose zile ambazo wenyewe wamezifuta. Haizuii nakala kamili zilizokwisha kusambaa, lakini inaheshimu uamuzi wa mtu aliyebadili mawazo.

Sheria zetu zinagusa jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Ya Kenya inampa mtafiti nafuu, kwa sharti kwamba matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Kwa sharti hilo, kazi ya kamati ya maadili haiishii kuuliza kama posti ilikuwa wazi. Imtake mwombaji alete nukuu anazokusudia kuchapisha, zikiwa zimeshaandikwa upya, pamoja na matokeo ya kuzitafuta, na impe mtu wa eneo husika azisome kabla ya kusaini.