Namba ya simu husomwa kutoka kushoto

Kwa miaka mingi barua za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilikuwa na namba hii kichwani: +255 22 2410500. Wengi huiona kama mkururo wa tarakimu wa kunakiliwa bila kukosea. Mtambo wa simu huisoma kipande kwa kipande, ukianzia kushoto, na kila kipande huuelekeza pa kuipeleka simu: nchi gani, kanda gani, mji au mtaa gani, na mwishowe waya wa nani.

Kipande cha kwanza, 255, ni msimbo wa nchi. Misimbo hii hugawiwa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ambalo pia limeweka kikomo: namba nzima, pamoja na msimbo wa nchi, isizidi tarakimu 15. Tarakimu ya kwanza hutaja sehemu ya dunia, na 2 imeangukia zaidi Afrika. Ndani yake, kundi la 25 lina majirani walioketi kwa zamu: Rwanda 250, Kenya 254, Tanzania 255, Uganda 256, Burundi 257 na Msumbiji 258. Namba 259 iliwahi kutengewa Zanzibar, lakini haikutumika. Visiwa vikaingia ndani ya 255, na simu zao za mezani zikapewa msimbo wa eneo, 024.

Hiyo sifuri ya 024 ndiyo inayowasumbua watu wengi wanaohifadhi namba za ndugu walio nje ya mji au nchi. Si sehemu ya namba. Ni ishara tu kwa mtambo wa ndani ya nchi kwamba simu inatoka nje ya eneo la mpigaji, au inaelekea mtandao wa mkononi. Anayepiga kutoka Muscat au London tayari ametaja nchi kwa +255, kwa hiyo sifuri haina tena kazi. Akiandika +2550 na kuendelea, namba inakuwa ndefu kwa tarakimu moja na simu haiendi. Kosa hili ni rahisi kuligundua: baada ya +255 zinatakiwa tarakimu 9 tu. Zikiwa 10 na ya kwanza ni sifuri, ifutwe.

Sifuri hiyo pia ndiyo sababu hakuna namba ya mteja inayoanza na 0. Ingekuwapo, mtambo ungedhani mpigaji anataka kutoka nje ya eneo lake. Tarakimu 1 nayo imewekewa namba fupi za huduma, kama 112 ya dharura. Kwa hiyo mtambo ukishapokea tarakimu ya kwanza tu, unajua unashughulika na simu ya aina gani.

Baada ya msimbo wa nchi huja msimbo wa eneo. Tanzania ina saba kwa simu za mezani, kuanzia 022 hadi 028. Dar es Salaam peke yake ina 022, na Zanzibar ina 024. Mingine inachukua mikoa kadhaa kwa pamoja: 027 ni Tanga, Kilimanjaro, Arusha na Manyara, na 026 inakusanya Dodoma, Iringa, Singida na Tabora. Kwa hiyo 027 peke yake haimwambii mtu kama simu inatoka baharini Tanga au chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapo ndipo tarakimu za mteja zinapoingia.

Tarakimu hizo ni saba, na zile za mwanzo hutaja kituo cha simu. Ndani ya 027, namba zinazoanza na 250 au 254 ni za Arusha, 275 ni Moshi, na 264 ni Tanga. Ndani ya 024, 223 ni mjini Unguja na 245 ni Chake Chake, Pemba. Zinazobaki mwishoni ndizo za mteja mwenyewe.

Karibu zote zinaanza na 2, na sababu yake imo katika historia. Hadi kukaribia mwaka 2000, Dar es Salaam ilikuwa 051, Zanzibar 054, Moshi 055 na Arusha 057, na urefu wa namba ulitofautiana mji kwa mji. Dar es Salaam zilikuwa na tarakimu sita, Moshi tano, na Arusha wengi walikuwa na nne tu. Mpango mpya ulitaka zote ziwe saba, basi namba ya zamani ikaachwa kama ilivyo na kuongezewa tarakimu mbele. Namba ya Dar es Salaam iliyoanza na 41 ikawa 241. Moshi iliyoanza na 5 ikapewa 27 mbele, ikawa 275. Ya Arusha yenye tarakimu nne ikatanguliwa na 250. Anayekutana na kibao cha zamani chenye 057 anaweza kujaribu njia hiyo hiyo kupata namba ya sasa, ikiwa laini bado ipo.

Simu za mkononi zilipitia mabadiliko ya namna yake. Mwanzoni kampuni nne zilibanana ndani ya 074: Mobitel 0741, Vodacom 0744, Zantel 0747 na Celtel 0748. Msimbo wa tarakimu nne huacha sita za mteja, yaani nafasi milioni 1. Wateja walipoongezeka, kampuni zilihamishiwa kwenye misimbo yao: 0741 ikawa 0713, 0744 ikawa 0754, 0747 ikawa 0777 na 0748 ikawa 0784. Sasa 075 yote ni ya Vodacom, na tarakimu saba zinazofuata zinatoa nafasi milioni 10. Hata hizo hazikutosha, ndiyo maana Vodacom ina pia 074 na 076, na Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ina 065, 067 na 071.

Kwa hiyo mtu mwenye 0754 au 0713 huenda ameishika laini yake tangu enzi za 0744 na 0741, wakati vocha ilikuwa ya kukwangua. Huenda tu, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda hufungwa na namba yake huuzwa upya kwa mtu mwingine.

Tangu Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, imeruhusu mteja kuhama mtandao na namba yake. Kenya ilikuwa imeanza utaratibu huo mwaka 2011. Tangu hapo 0754 inathibitisha kwamba namba ilitolewa kwanza na Vodacom, lakini mwenyewe anaweza kuwa Airtel leo. Mtambo haumalizi kazi kwa kusoma tarakimu za mwanzo. Hutafuta kwanza katika orodha ya waliohama. Salio la vocha na pesa zilizo kwenye akaunti ya simu havihami na namba, kwa hiyo anayehama huzitumia au kuzitoa kwanza.

Anayetuma pesa kwa simu ndiye anayepaswa kukumbuka hilo zaidi. Akichagua mtandao kwa kutazama 075 au 078 peke yake, anaweza kuukosa. Ni heri amuulize mpokeaji yuko mtandao gani, kisha alisome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuingiza namba ya siri.