Kilokalori za unga wa uji: namna ya kuzihesabu sisi wenyewe

Kwenye sashe ya unga kunaandikwa mara mingi: «Nguvu: kilokalori fulani kwa gramu 100». Wanamemba wa koperative wanaosaga unga wa uji wanapotaka kuuza mjini, muuza duka anawauliza ile namba. Laboratuari inaweza kuitoa, lakini hata sisi tunaweza kuihesabu, na kujua kama ile tuliyopewa iko sawa.

Namba nne zinatosha. Gramu moja ya protini inatoa kilokalori 4, gramu ya mafuta 9, gramu ya wanga na sukari 4, gramu ya nyuzinyuzi 2. Hesabu ya namna hii ilianzishwa na Mwamerika Atwater, mwisho wa miaka ya 1800. Ukichoma protini kwenye chombo cha kupimia moto, inatoa zaidi ya 5. Lakini mwili hauchomi yote: sehemu nyingine inatoka na mkojo na choo. Ndiyo maana tunaandika 4. Nyuzinyuzi nazo tumbo haliwezi kuziyeyusha. Ni vijidudu vya utumbo mkubwa vinavyozila na kutuachia nguvu kidogo, ile 2.

Sasa tuchukue unga wa mahindi uliosagwa pamoja na maganda. Katika gramu 100, tuseme laboratuari imepima maji 11, protini 8, mafuta 4 na majivu 1. Jumla ni 24. Wanga mara mingi haupimwi: wanatoa hizo 24 kwenye 100, wanabaki na 76. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, juu ya zile 76 si wanga peke yake. Nyuzinyuzi zimejificha ndani yake, kama gramu 7. Kwa hiyo tunazitoa, wanga unabaki 69.

Protini: 8 × 4 = 32. Mafuta: 4 × 9 = 36. Wanga: 69 × 4 = 276. Nyuzinyuzi: 7 × 2 = 14. Yote pamoja ni kilokalori 358. Mtu akizidisha 76 kwa 4, kisha aongeze nyuzinyuzi tena, atapata 386. Amehesabu nyuzinyuzi mara mbili, na mnunuzi anaahidiwa nguvu ambayo haiko. Njia ya kumshika ni rahisi: jumlisha maji, protini, mafuta, majivu, wanga na nyuzinyuzi. Lazima zifike 100. Zikifika 107, unajua kosa liko wapi.

Muangalie pia kama karatasi inasema «fibri bruti». Ile ni njia ya zamani: wanachemsha unga katika asidi na kisha katika soda kali, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi inapotea. Namba inakuwa ndogo kuliko ukweli, na kilokalori zinapanda bure. Afadhali kuomba nyuzinyuzi za chakula zote.

Soya iliyokaangwa, nayo: maji 8, protini 36, mafuta 20, majivu 5. Inabaki 31, na ndani yake nyuzinyuzi 10, basi wanga 21. Hesabu inaleta 144 + 180 + 84 + 20 = 428. Tukichanganya kilo tatu za mahindi na kilo moja ya soya, tunachukua 358 mara tatu, tunaongeza 428, tunagawanya kwa nne: karibu 375.

Kwa hiyo soya imepandisha nguvu kidogo tu, kutoka 358 mpaka 375. Lakini protini imetoka gramu 8 mpaka 15. Unga wa muhogo nao unakaribia kilokalori zile zile za mahindi, na protini yake haifiki hata gramu 3. Ndiyo maana kwenye sashe tunaandika protini pamoja na nguvu, siyo nguvu peke yake.

Unyevu nao unaharibu hesabu. Unga wetu wa mahindi ukiachwa depoti bila kufunikwa, maji yakapanda kutoka 11 mpaka 15, zile 358 zinashuka mpaka karibu 342. Mtu anayenunua kilo anakuwa analipa maji, bila kusema juu ya ukungu.

Halafu kuna sufuria. Gramu 100 za mchanganyiko wetu zikipikwa mpaka kupata litri moja ya uji, kikombe cha robo litri kinabeba kilokalori kama 94 tu. Mama akiongeza gramu 10 za mawese ndani ya kikombe cha mtoto, ni 90 zingine, karibu sawa na kikombe kizima.