Pensheni ya Asiyewahi Kuajiriwa

Zanzibar ilipoanza kulipa Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, haikumuuliza mzee alifanya kazi wapi wala alichangia mfuko gani. Kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alistahili shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha za bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Baadaye kiwango kikapanda hadi 50,000.

Hapa hapimwi umasikini. Mstaafu wa serikali anayelipwa kiinua mgongo chake na bibi aliyelima mwani wote wamo. Kuna wanaonung'unika kwamba tajiri naye anapewa. Lakini kumpima mzee wa shamba kuna taabu yake: hana hati ya mshahara, mkarafuu wake huzaa kwa msimu, na mwanawe aliye Dubai huleta fedha akijaaliwa. Kamati ikikaa kuamua nani fukara zaidi, jirani asiye na msemaji ndiye anayeachwa. Kenya ilianza kwa njia hiyo, ikichagua kaya masikini zenye wazee wa miaka 65 na zaidi. Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ukafunguliwa kwa wote wa miaka 70 wasio na pensheni nyingine, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi.

Kwa hiyo mtihani mzima umebaki kwenye umri na ukaazi, na umri ndio mgumu. Ukaazi sheha anaujua; lakini waliozaliwa miaka ya 1940 na 1950 wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho mara nyingi ulikisiwa na karani.

Tuchukue mfano wa kubuni: bibi wa Paje aliyezaliwa 1952, lakini kitambulisho kinasema 1957. Kwa hesabu ya kweli alitimiza 70 mwaka 2022. Kwa karatasi, ni 2027. Kwa kiwango cha 50,000, miaka mitano ni miezi 60, yaani shilingi milioni tatu.

Anayetaka kukadiria umri wake kwa haki huanza na tukio. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta wapi? Akisema alikuwa amekwisha balehe na mamake alikuwa akimchagulia mchumba, 1957 haiwezekani, kwa kuwa angekuwa na miaka sita au saba tu. Kisha huulizwa mtoto wake wa kwanza alizaliwa lini, na nani wa rika lake ana cheti. Majibu yakipishana kwa mwaka mmoja si ajabu; yakipishana kwa kumi, kuna jambo. Ushahidi huo aupeleke kwanza kwenye ofisi ya vitambulisho, maana mlipaji husoma tarehe iliyoandikwa tu.

Upande wa pili ni waliofariki. Kifo kisiporipotiwa mapema kwa sheha, jina hubaki kwenye orodha na fedha huendelea kutoka. Ndiyo maana hufanywa uhakiki, na mzee asiyeweza kutembea anahitaji kufuatwa nyumbani, asije akafutwa kwa kuwa hakuonekana.