Kitabu cha PDF katika simu ndogo: jinsi ya kurudisha aya zilizopotea

Wasomaji wengi wa Kiswahili walio mbali na maduka ya vitabu ya Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa hupata vitabu kwa njia ya simu. Faili huja, hufunguka, kisha msomaji hugundua kuwa hawezi kuisoma. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, ilhali kioo cha simu kina upana wa sentimita saba hivi. Ukurasa mzima ukikaa kiooni, kila herufi hupungua hadi theluthi ya ukubwa wake. Akiikuza, mstari hutoka nje ya kioo, naye hulazimika kuusukuma kushoto na kulia kwa kila sentensi.

Dawa ni kuyatoa maneno katika umbo la ukurasa na kuyaweka katika faili ya EPUB, ambayo maneno yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Wengi hujaribu programu inayogeuza kwa kubofya mara moja, wakapata kitabu chenye mistari iliyokatika na tarakimu za kurasa katikati ya sentensi. Makala haya yanaeleza kwa nini hali hiyo hutokea, na namna ya kuiepuka.

Kwa nini PDF haijui aya

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile katika kila kompyuta na kila mashine ya kuchapa. Kwa sababu hiyo, aghalabu faili haihifadhi aya. Huhifadhi mahali pa kila herufi: herufi hii ikae hapa, ile ikae pale. Jicho la binadamu huona aya, kichwa cha habari na nambari ya ukurasa, lakini kwa faili vyote hivyo ni herufi zilizotawanywa juu ya karatasi.

Hivyo, anayegeuza kitabu ana swali moja la kujibu mara maelfu: mwisho huu wa mstari una maana, au umetokea tu kwa sababu karatasi iliisha? Katika nathari hauna maana, na mstari lazima uunganishwe na unaofuata. Katika ushairi mwisho wa mstari ndio mwisho wa mshororo, na ukiunganishwa, shairi limeharibika.

Mfano: hadithi za Unguja za mwaka 1870

Tuchukue kitabu ambacho kila mtu anaruhusiwa kukigeuza na kukisambaza, kwa kuwa muda wa hakimiliki yake ulikwisha zamani. Ni Swahili Tales, mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi zilizosimuliwa Zanzibar, uliochapishwa London mwaka 1870. Steere alifariki mwaka 1882. Kitabu hiki ni mtihani mzuri kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kiko ukurasa wa kushoto na tafsiri ya Kiingereza ukurasa wa kulia. Pili, karibu na mwisho, baada ya nathari ndefu, kuna mashairi ya Liongo.

Hatua ya kwanza ni kuijua faili. Gusa neno moja na ulishikilie, nakili mistari mitatu, kisha uibandike mahali pa kuandikia ujumbe. Ikiwa hakuna kinachonakilika, kurasa ni picha tupu. Ikiwa maneno yanatoka safi, faili ina maandishi halisi na kazi ni nyepesi. Ikiwa yanatoka yakiwa na herufi za ajabu, kuna tabaka la maandishi lililofichwa nyuma ya picha, nalo lilisomwa vibaya na mashine. Vitabu vya zamani vilivyopigwa picha huangukia mara nyingi katika hali hii ya mwisho, hasa pale mashine ilipokisoma Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza.

Hatua ya pili ni kutenga Kiswahili. Tukiugeuza mkusanyo wote kwa mkupuo, sentensi ya Kiswahili itakatizwa na ukurasa mzima wa Kiingereza. Programu ya bure iitwayo qpdf huchukua kurasa shufwa peke yake. Amri zinazofuata ni za kompyuta ya Linux au Mac:

```
qpdf kitabu.pdf --pages . 1-z:even -- kushoto.pdf
```

Ikiwa jalada na dibaji vimesogeza hesabu, na Kiswahili kikaangukia kurasa witiri za faili, andika `odd` badala ya `even`. Usiridhike na ukurasa wa kwanza pekee. Fungua pia wa katikati na wa mwisho, kwa maana aliyepiga picha akiruka ukurasa mmoja au akiurudia, hesabu hugeuka, na kuanzia hapo utapata Kiingereza kitupu.

Hatua ya tatu ni kuzisoma picha upya kwa Kiswahili. Programu ya OCRmyPDF hutumia msomaji wa herufi aitwaye Tesseract, ambaye ana faili ya lugha yetu yenye alama `swa`. Faili hiyo husakinishwa kando. Amri ifuatayo huacha tabaka la zamani, husoma upya, na kuweka maneno katika faili ya maandishi:

```
ocrmypdf --force-ocr -l swa --sidecar kitabu.txt kushoto.pdf mpya.pdf
```

Kuondoa vichwa vya kurasa na kuunganisha mistari

Sasa fungua `kitabu.txt`. Juu ya kila ukurasa utakuta jina la hadithi na nambari ya ukurasa. Hayo hayana budi kuondolewa, la sivyo yatajipenyeza katikati ya maneno ya msimulizi. Hapa pana mtego. Ukurasa unaoanzisha hadithi huwa hauna mstari huo wa juu. Mstari wake wa kwanza ni jina la hadithi yenyewe. Mtu akifuta mstari wa kwanza wa kila ukurasa bila kutazama, hufuta pia majina ya hadithi zote. Ni heri kwanza kuandika orodha ya majina hayo pembeni, kisha kufuta.

Mahali ukurasa unapoishia, angalia alama ya mwisho. Ikiwa sentensi haijafungwa kwa nukta, alama ya kuuliza au alama ya kunukuu, ondoa nafasi tupu ili iungane na ukurasa unaofuata. Ikiwa imefungwa, itazame picha ya ukurasa ili ujue kama aya nayo imekwisha.

Kabla ya kuunganisha mistari, kata mashairi yote uyaweke katika faili nyingine, na pale yalipokuwa andika alama kama `[[SHAIRI 1]]` katika aya yake. Kisha tumia amri hii, ambayo kwanza huunganisha neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari, halafu hugeuza kila mwisho wa mstari usio na maana kuwa nafasi ya kawaida:

```
perl -0777 -pe 's/([a-z])-\n([a-z])/$1$2/g; s/(?<!\n)\n(?!\n)/ /g' kitabu.txt > kitabu.md
```

Mstari mtupu hauguswi, kwa hiyo aya hubaki mahali pake. Mpangilio wa kazi hizi mbili ni muhimu. Ukianza na ya pili, neno “akamwa-” na “mbia” litabaki vipande viwili vyenye nafasi kati yake, na litakuwa gumu kulipata tena.

Kukagua kwa sikio la Kiswahili

Hapa lugha yetu yenyewe inatusaidia. Maneno mengi sana ya Kiswahili huishia kwa irabu. Basi tafuta katika faili kila neno linaloishia kwa konsonanti. Utakayoyapata ni majina kama Majnun, maneno machache ya asili ya Kiarabu, na makosa. Orodha huwa fupi kiasi cha kupitiwa kwa jicho. Tafuta pia “rn”. Herufi hizo ni adimu kukaa pamoja katika neno la Kiswahili, na mara nyingi zilikuwa “m” iliyosomwa vibaya.

Kosa lisiloonekana upesi ni kupotea kwa kibainishi cha ng'. Mashine hukidhania kuwa doa la wino. “Ng'ombe” akiwa “ngombe” msomaji ataelewa, lakini “ng'oa” ni kung'oa mti, na “ngoa” ni wivu au tamaa. Hakuna amri inayoweza kuamua badala yako. Tafuta kila “ng” inayotia shaka na uilinganishe na picha. Tahajia za kale zisizofanana na za leo ziache zilivyo, kwa kuwa hizo si makosa ya mashine.

Kurudisha mashairi na kufunga kitabu

Weka alama `#` na nafasi mbele ya kila jina la hadithi; ndiyo itakayotengeneza yaliyomo, ili msomaji aruke kutoka hadithi moja hadi nyingine. Kisha rudisha mashairi, na mbele ya kila mshororo uweke `|` na nafasi. Programu ya Pandoc huielewa alama hiyo kuwa ni amri ya kutounganisha. Mshororo mrefu usioenea kiooni ugawe penye kituo, na kipande cha pili kianze katika mstari wake, nao pia uanze kwa `|` na nafasi, kisha kisogezwe ndani kwa nafasi nne zaidi. Jicho litatambua kuwa mshororo ni mmoja, wala hautakatika popote simu inapopenda. Hatimaye:

```
pandoc kitabu.md -o kitabu.epub --metadata title="Hadithi za Unguja" --metadata lang=sw
```

Maneno `lang=sw` huijulisha simu kuwa kitabu ni cha Kiswahili, jambo linalomsaidia hata asiyeona anayesomewa kwa sauti, pale simu yake inapokuwa na sauti ya lugha hiyo.

Jaribu kitabu katika simu ndogo kuliko zote ulizo nazo, kwa herufi kubwa. Soma kurasa kumi mfululizo kutoka katikati. Sentensi inayokatika ghafla ni ishara ya mpaka wa ukurasa uliosahauliwa. Tarakimu iliyo peke yake ni kichwa cha ukurasa kilichoponyoka. Utagundua pia kuwa faili ya picha iliyokuwa na makumi ya megabaiti sasa haifiki megabaiti moja, nafuu kubwa kwa anayelipia intaneti kwa kifurushi.

Mipaka

Njia hii inafaa hadithi, riwaya, tawasifu na mashairi. Kitabu cha hisabati, chenye milinganyo, au cha jiografia, chenye majedwali na ramani, hakigeuki vyema, kwa sababu mahali pa vitu katika ukurasa ni sehemu ya maana yake. Hicho kiache katika PDF, upunguze kingo nyeupe na kulaza simu. Nacho kitabu ambacho hakimiliki yake ingali hai usikisambaze bila idhini ya mwenyewe, hata kama kazi ya kukigeuza umeifanya kwa mikono yako.