Malipo Mamoja, Mizigo Miwili

Mkazi wa Mtwara akirudia kuingiza namba 20 za LUKU alizokwisha kuzitumia, mita yake haimwongezei hata uniti moja. Ndani ya namba zile imefichwa alama ya wakati: idadi ya dakika tangu tarehe maalumu, ambayo awali ilikuwa Januari 1, 1993, hadi tokeni ilipotengenezwa. Mita hutunza alama ilizopokea, na ikiletewa ileile huikataa. Nafasi ya alama zilizohesabiwa kutoka 1993 ilikuwa inaisha Novemba 24, 2024, ndiyo maana TANESCO iliwahimiza wateja waboreshe mita zao kabla ya siku hiyo.

Maduka mengi yanayouza kwa mtandao hayana kumbukumbu ya aina hii. Tuchukue mfano wa muuza korosho wa Mtwara mjini. Mteja aliyeko Msimbati anaagiza korosho za kukaanga za shilingi 36,000 na kulipa kwa simu. Kampuni inayopokea malipo inaitumia seva ya duka taarifa: oda namba 318 imelipwa, namba ya muamala T7421. Programu ya duka inaitafuta oda, inapunguza stoo, inamtumia mteja ujumbe mfupi, inamwita bodaboda, kisha ndipo inajibu kwamba imepokea. Mtandao ukiwa mzito, kazi hizo zinachukua sekunde 40. Mfumo wa malipo ulipangiwa kusubiri 30 tu, kwa hiyo unahesabu kuwa taarifa haikufika na unaituma tena. Duka linaipokea kama malipo mapya, na mzigo wa pili unatoka. Mteja amekatwa fedha mara moja tu. Anayeumia ni muuzaji.

Wengi humlaumu mtumaji. Naona lawama hiyo si ya haki. Jibu lisipomfikia, hana njia ya kujua kama ni taarifa iliyopotea au ni jibu lililopotea. Akinyamaza, huenda mteja aliyelipa asipate mzigo kabisa. Akirudia, huenda taarifa ifike mara mbili. Ameamua kurudia, na ni uamuzi sahihi. Tena seva nyingi ziko ng'ambo, hivyo hata biashara ya Mtwara kwa Mtwara inaweza kupita chini ya bahari. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ya Tanzania ilizorota vibaya. Siku kama hiyo majibu mengi hupotea njiani.

Kinga basi ni ya mpokeaji, na inaanza na namba ya muamala. Kiasi cha fedha na namba ya simu havitoshi kutambua taarifa iliyorudiwa, kwa kuwa mteja yuleyule anaweza kununua korosho za bei ileile mara mbili kwa siku na kustahili mizigo yote miwili. Saa ya kupokelewa nayo haifai, maana hubadilika kila taarifa inapotumwa. Namba ya muamala ndiyo isiyobadilika, na hifadhidata iamriwe kutoiruhusu ijirudie:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  txn_id TEXT PRIMARY KEY,
  oda_id INT,
  kiasi INT
);
INSERT INTO malipo VALUES ('T7421', 318, 36000)
ON CONFLICT (txn_id) DO NOTHING;
```

Mstari ukiingia, taarifa ni mpya. Usipoingia, ilishafika, programu ijibu `200` na kuishia hapo. Ikijibu kosa, mtumaji ataendelea kurudia. Wapo wanaotafuta kwanza kama namba ipo, kisha ndipo wanaiandika. Njia hiyo huonekana salama hadi taarifa mbili zifike kwa pamoja: zote zinatafuta, zote hazioni kitu, zote zinaandika. Kuiachia hifadhidata ikatae kunaziba pengo hilo.

Kuna hatari ya upande wa pili. Seva ikizimika baada ya kuandika T7421 na kabla ya kuagiza mzigo, taarifa ya pili itakataliwa na mteja hatapata kitu. Kwa hiyo mstari wa malipo na agizo la kufunga mzigo viandikwe pamoja, ndani ya `BEGIN` na `COMMIT` moja: ama vyote viingie, ama kisiingie hata kimoja. Jibu litumwe mara tu baada ya hapo. Ujumbe mfupi na bodaboda vishughulikiwe na programu nyingine inayosoma maagizo hayo kwa zamu.

Programu hiyo nayo inaweza kukwama katikati na kuanza upya, ikamwita bodaboda mara mbili. Kila ombi la usafirishaji basi libebe namba ya oda, ili anayepokea aweze kukataa marudio. Na jioni, idadi ya mizigo iliyotoka ilinganishwe na orodha ya miamala ya kampuni ya malipo. Mizigo ikizidi miamala, au orodha ikionyesha miamala miwili kwa oda moja, itafutwe namba ya oda iliyotoka mara mbili, kisha daftari la seva liangaliwe kama taarifa zake mbili zilibeba namba moja ya muamala. Zikiwa mbili tofauti kwa oda moja, basi mteja kweli alilipa mara mbili, na anastahili kurudishiwa fedha za malipo ya pili.